Nani Aliyempokonya Kitereza Miaka Yake?

Ipo dhuluma ndogo inayotendeka katika tasnifu na makala za wasomi wetu, nayo hutendeka kwa tarakimu nne tu. Mtafiti anayeandika juu ya athari za ukoloni katika riwaya za Kiafrika humtaja Aniceti Kitereza wa Ukerewe, hufungua mabano, na ndani yake huandika 2002. Msimamizi hupitisha, mtahini hupitisha, mhariri hupitisha. Mzee aliyemaliza riwaya yake mwaka 1945 na kuiaga dunia mwaka 1981 huzaliwa upya kuwa mwandishi wa karne hii, kijana aliyekuja baada ya Achebe na Ngugi na kuokota walichoangusha. Hakuna aliyekusudia kusema uongo, walakini uongo umekwisha semwa, na atakayenukuu makala ile atauchukua kama alivyoukuta.

Nadai katika kurasa hizi kwamba jambo hili si dosari ya kimakarani. Orodha ya marejeo ni sehemu ya hoja, na aghalabu ndiyo sehemu inayosomwa kwa imani zaidi, kwani msomaji hashuku tarakimu. Mwandishi wa fasihi ya baada ya ukoloni akiikosea orodha yake, huwa ameurudia ukoloni ule ule anaoulalamikia katika utangulizi.

Tuanzie Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria upande wa Muleba, mkoani Kagera. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika hapo mara mbili. Mwezi Aprili aligombana na wenyeji ufukweni, akaondoka kwa risasi. Mwezi Agosti alirudi na mitumbwi na watu wenye bunduki, akawapiga wenyeji kutoka majini, wao wakiwa na mikuki, mishale na mawe. Kisha akaandika. Aliandika katika shajara yake. Aliandika barua kwa magazeti yaliyomdhamini, moja la New York na jingine la London. Halafu, mwaka 1878, akaandika kitabu kikubwa cha safari yake ya kuvuka bara.

Hayo ni maandiko matatu, wala si moja lililorudiwa. Shajara aliandika mtu aliye safarini. Barua aliandika mwandishi wa habari anayetaka gazeti linunuliwe. Kitabu aliandika mtu aliyekwisha shutumiwa, kwa sababu barua zilipochapwa mwaka 1876 Henry Hyndman na Kanali Henry Yule walisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London na kulaani mauaji yale. Shajara zenyewe hazikutolewa kitabuni hadi mwaka 1961, na barua zilikusanywa pamoja mwaka 1970. Mtafiti anayetaka kutumia tukio la Bumbire kama usuli wa riwaya za ukanda wa ziwa hana budi kusema ni Stanley yupi aliyemshika mkono: wa shajara, wa gazeti au wa kitabu.

Sasa ona ajabu. Kitabu cha 1878 kimechapwa tena na tena, na chapa zinazopatikana kwa urahisi ni za karne ya 20. Hata hivyo hakuna msomaji anayedhani Stanley aliishi karne ya 20. Mtafiti hujitahidi kuuweka mwaka 1878, hata pale ambapo nambari ya ukurasa aliyoitoa ni ya chapa ya miaka mia moja baadaye. Mgeni hubaki na zama zake. Mwenyeji wa ziwa lile lile, aliyeandika kwa lugha ya ziwa lile lile, ndiye anayenyang'anywa zake.

Kitereza tunamjua vya kutosha kuweza kumtendea haki. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika ukoo wa watawala wa Bukerebe. Wamisionari walimpeleka ng'ambo ya ziwa, katika seminari ya Rubya iliyo bara ya Kagera, na huko alisoma Kilatini pamoja na lugha nyingine. Hakuwa padri; alirudi Ukerewe. Baadaye Padri Almas Simard, mzaliwa wa Kanada, alimhimiza aandike mambo ya watu wake kwa lugha yao, naye akaandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana lakini wakakosa mtoto, wakwe wakamchukua binti yao, na mume akalazimika kumkomboa kwa pombe ya ndizi, kabla ya dawa na subira kuwaletea Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1945 kazi ilikuwa imekamilika.

Hapo ndipo safari ndefu ilipoanza. Hakupatikana mchapishaji wa riwaya ya Kikerewe. Padri Simard aliuchukua mswada Kanada kwa azma ya kuutafsiri kwa Kifaransa, akafariki kazi haijatimia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja Ukerewe watafiti wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamshawishi mzee aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafanya hivyo akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Tafsiri ile ilitolewa na Tanzania Publishing House na ina mwaka 1980. Mzee alifariki mwaka uliofuata, vitabu vilivyochapwa vikiwa havijamfikia mkononi. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani kutoka Kiswahili, ikatoka kwa sehemu mbili, mwaka 1991 na 1993. Hatimaye Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, aliifasiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002.

Basi ukiandika 2002 na kunyamaza, umemtaja nani? Umemtaja Ruhumbika na mchapishaji wake. Kitereza umemwacha Ukerewe.

Mpenzi wa ushairi halihitaji somo hili kwa maneno mengi. Diwani ya Muyaka ilitolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, kutokana na mashairi aliyoyakusanya Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Muyaka mwenyewe alifariki karibu mwaka 1840. Je, yuko mtu wa pwani atakayevumilia kusoma kwamba Muyaka aliandika mwaka 1940, baada ya vita vya Mazrui kusahauliwa na wakati Waingereza wakitawala Mombasa? Atacheka, au atakasirika. Watunzi wetu wa tenzi waliujua ubaya huo mapema, ndiyo maana katika beti za mwisho walitaja majina yao na tarehe ya kukamilisha kazi. Na wazee wetu waliposimulia habari walitaja sanadi: nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Orodha ya marejeo ni sanadi. Sanadi yenye pengo haitegemewi.

Dawa ipo, nayo inaitwa marejeo fafanuzi: orodha ambayo chini ya kila kitabu huandikwa maneno machache yanayoeleza kitabu kimetoka wapi, kinadai nini, na mtafiti amekitumia kwa kazi gani. Wanafunzi wengi huambiwa waiandike, na wengi huiandika ovyo. Chini ya jina la kitabu utakuta maneno kama haya: kitabu hiki ni muhimu sana kwani kinaeleza utamaduni wa Mwafrika. Maneno hayo hayamfunzi msomaji kitu. Yanaweza kuwekwa chini ya vitabu elfu na yasikosewe mahali, na hiyo ndiyo alama ya kuyatambua: ufafanuzi unaoweza kuhamishiwa kitabu kingine bila kubadilisha neno haujafafanua lolote.

Tujaribu kuandika ule unaostahili. Mtafiti wetu ana makala juu ya ndoa na mamlaka katika riwaya za ukanda wa ziwa, naye anasoma chapa ya Kiswahili. Ataandika jina la mwandishi, jina la kitabu, mji, mchapishaji, na mwaka 1980. Hapo amefanya kama kawaida. Kisha chini yake ataandika hivi:

"Tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mwandishi mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1960 kutokana na mswada wake wa Kikerewe uliokamilika mwaka 1945. Kisa kimewekwa katika Bukerebe ya kabla ya utawala wa Wazungu. Nimeitumia kwa mwenendo wa kisa na kwa maneno ya wahusika katika mashauri ya wakwe. Sikuutazama mswada wa Kikerewe, kwa hiyo ninapojadili uteuzi wa maneno, nazungumzia Kiswahili cha mwandishi baada ya uhuru, si Kikerewe chake cha wakati wa Waingereza. Vifungu vitatu vya msingi nimevilinganisha na tafsiri ya Kiingereza ya Ruhumbika ya mwaka 2002, iliyotoka moja kwa moja katika Kikerewe."

Ni sentensi tano tu, na kila moja inafanya kazi. Ya kwanza inarejesha miaka. Ya pili inatenganisha wakati wa kisa na wakati wa kuandika, mambo mawili ambayo wanaoshughulika na ukoloni huyachanganya kila siku. Ya tatu inasema kitabu kimetumiwa wapi. Ya nne ndiyo yenye uaminifu mkubwa kuliko zote: inakiri mpaka. Ya tano inampa msomaji njia ya kumkagua mtafiti.

Tuisimamie kidogo hiyo ya nne, kwa maana huko ndiko wanaotaka kumtetea Kitereza nao hujikwaa. Wapo wanaosikia habari ya mwaka 1945 wakafurahi mno, wakachukua sentensi ya Kiswahili kutoka chapa ya 1980 na kuitangaza kuwa ushahidi wa fikra za Mkerewe chini ya Mwingereza. La hasha. Sentensi ile kwa Kiswahili chake iliandikwa na mzee aliyekwisha kuiona bendera ya uhuru ikipanda. Mwandishi anayejitafsiri si karani anayenakili. Ana haki ya kuongeza na kupunguza, na hawajibiki kwa yeyote. Ukitaka kusema jambo juu ya mwaka 1945 huna budi kwenda kwenye Kikerewe, na usipokijua, uitegemee tafsiri iliyotoka kwenye Kikerewe na useme kwamba umeitegemea. Atumiaye Kijerumani ameketi mbali zaidi, kwani amepokea kutoka kwa Kiswahili kilichopokea kutoka kwa Kikerewe. Si haramu kuketi mbali. Haramu ni kujifanya umeketi mbele.

Najua nitakayojibiwa. Jibu la kwanza ni la miongozo ya uandishi: sheria inataka mwaka wa chapa uliyoishika, ili msomaji aupate ukurasa. Ni kweli, na sheria ni njema. Lakini miongozo hiyo hiyo inaruhusu mwaka wa asili uwekwe kando ya mwaka wa chapa, na watu hufanya hivyo bila shida kwa Marx na Freud. Tena kwa Kitereza hata hilo halitoshi. Mwaka wa asili katika miongozo ni mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza, yaani 1980, na mwaka 1945 ni wa mswada. Mabano hayana nafasi kwa kitabu kilichokaa miaka thelathini na mitano sandukuni. Kanuni zimetungwa kwa ajili ya nchi ambazo mtu akimaliza kuandika huchapishwa. Hapo ndipo ufafanuzi unapokuwa faradhi: tarakimu zimeshindwa, basi maneno yaseme.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Husemwa: mswada uliofungiwa haukusomwa na mtu, na usiosomwa haukuathiri fasihi, kwa hiyo Achebe, aliyechapishwa mwaka 1958, ndiye mwanzo, na Kitereza ni wa mwaka alioonekana. Nakubali nusu. Yeyote anayedai kwamba Kitereza alimfunza Achebe, au kwamba yeye ndiye baba wa riwaya ya Kiafrika, anadai asichoweza kukithibitisha. Lakini mtafiti wa maudhui ya ukoloni haulizi tu nani alimwathiri nani. Anauliza pia Waafrika walifikiri nini, na lini, na kwa nani walitaka kusema. Kwa swali hilo mwaka 1945 una maana kubwa. Tumezoea kufundisha kwamba riwaya ya Kiafrika iliyochora jamii ya kabla ya ukoloni ilikuja kumjibu Mzungu, kwa lugha ya Mzungu, uhuru ukikaribia. Hapa yuko mtu aliyeichora jamii hiyo kwa Kikerewe, kwa ajili ya Wakerewe, wakati uhuru haujatajwa. Si lazima tukubaliane maana yake. Lakini kwa mwaka 2002 ndani ya mabano, mjadala wenyewe hauzaliwi. Umeuawa na tarakimu.

Tena angalia tunavyomtendea Achebe mwenyewe. Riwaya yake ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Wengi wetu tuliisoma hivyo. Hata hivyo hakuna mwalimu aliyewahi kufundisha kwamba Achebe aliianza kazi yake mwaka 1973. Mwaka 1958 umo vichwani mwetu, kwa hiyo chapa yoyote haitudanganyi. Kitereza hana ulinzi huo. Mwandishi asiyejulikana ndiye anayehitaji orodha yenye maelezo, na ndiye anayenyimwa.

Limebaki moja, nalo ni la lugha. Katika makala za Kiswahili juu ya riwaya hizi, Frantz Fanon hunukuliwa karibu kama kanuni. Msomaji hukuta maneno ya Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, kisha jina la Fanon na mwaka 1963. Huo ni mwaka wa tafsiri ya Kiingereza. Fanon aliandika kwa Kifaransa, na kitabu kilitoka mwaka 1961, mwaka aliofariki. Nani basi aliyeyasema maneno yale ya Kiswahili? Ni mtafiti mwenyewe, aliyefasiri kutoka kwa aliyefasiri, bila kusema. Alama za kunukuu zinaapa kwamba haya ni maneno ya mtu. Hapa zimeapa kiapo cha uongo. Maneno mawili yangetosha kulisafisha jambo: tafsiri yangu.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba tafsiri ya Kiswahili ipo. Viumbe Waliolaaniwa ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, na wafasiri wake ni Clement Maganga na Gabriel Ruhumbika, Ruhumbika yule yule aliyemfasiri Kitereza. Watu wetu walifanya kazi ya kumleta Fanon katika Kiswahili, nasi tunampitia London kumfuata, kisha tunarudi naye nyumbani tukiwa tumemvisha nguo zetu za kushona haraka. Mtafiti akiona tafsiri ile ina kasoro, aseme na aonyeshe. Huo utakuwa mchango. Kutoitaja ni kuwafuta watu wawili kwa mpigo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaelekeza kwa wasimamizi na wahariri kabla ya wanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi huandika kile asichokataliwa. La kwanza, kila kazi iliyotafsiriwa itajwe pamoja na jina la mfasiri na lugha iliyotoka, na mnukuu akifasiri mwenyewe aseme. Jambo hili hugharimu mstari mmoja, na ushahidi wake umo katika ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule ambao wengi huuruka. La pili, ikiwa kati ya kuandikwa na kuchapishwa umepita muda unaoweza kubadilisha hoja, maelezo yawekwe chini ya kitabu, na mwaka wa kuandikwa utajwe ndani ya makala kwa maneno mara ya kwanza mwandishi anapotajwa. Karatasi isiyotimiza hayo irudishwe, kama tunavyoirudisha yenye shairi lililovunjika mizani.

Bumbire haikuacha shajara. Waliopigwa mwaka 1875 hawakuwa na gazeti, na yaliyowafika tunayasoma kwa kalamu ya aliyewapiga. Hilo hatuwezi kulibadilisha. Tunachoweza ni kusema wazi kwamba kalamu ni ya nani. Lakini ng'ambo ya maji yale yale alikuwako mmoja aliyeandika kwa mkono wake, kwa lugha yake, akasubiri miaka thelathini na mitano asione chapa. Anachotudai ni tarakimu nne zilizo sahihi na sentensi chache chini yake. Deni dogo lisilolipwa huitwa dharau.